Vyeti Viwili vya Sista

Wifi yangu hana haraka hata nyumba ikiungua. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bi Stepla, na sasa mtaa mzima unamwita hivyo, hata kaka yangu aliyemuoa. Karatasi mbili zikikaa mezani bila kubanwa, hapati raha. Siku moja nilimkuta amebana risiti ya duka la dawa pamoja na tiketi ya basi. Nilipomuuliza zinahusianaje, akanijibu kwamba zote ni za Jumanne.

Tunaendesha ofisi ya kusimamia nyumba za watu, yeye na mimi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la miwani. Kuna meza mbili, ubao wa funguo zenye vibandiko, na feni inayogeukia upande wake tu. Kazi tumegawana. Mimi naonyesha vyumba, nafukuzana na mafundi bomba, nawaandama wapangaji wanaochelewa. Yeye anaandika mikataba, anapokea pango, anatoa ujira wetu, kisha anampelekea kila mwenye nyumba chake pamoja na karatasi ya maelezo. Mimi mdomo, yeye kalamu. Miaka sita tumefanya kazi hivyo na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili. Tena hizo siku mbili anayenuna ni mimi, mwenzangu hata haoni kama nimenuna.

Namsimulia leo kwa sababu ya Sista.

Sista ni nesi mstaafu. Alisimamia wodi ya wanawake miaka mingi, na waliowahi kulazwa pale mpaka leo wakimwona njiani wanajikuta wamesimama wima. Marehemu mumewe alimwachia nyumba kubwa ya mtaa wa juu. Kwa miaka tisa ambayo nyumba hiyo ilisimamiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, pango halikumfikia zima hata mara moja. Mwezi huu imekatwa ya fundi, mwezi ujao ya bomba, mwezi wa tatu ya mlinzi. Nyumba yenyewe haijawahi kuwa na mlinzi. Sista alilijua hilo siku alipopita pale saa saba mchana kumpelekea huyo mlinzi chai, akakuta geti limefungwa kwa waya.

Alimnyang'anya shemeji funguo, akafunga nyumba miezi minne, kisha akaja kwetu. Alikaa kwenye kiti cha wageni na mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

"Nawapa miezi mitatu ya majaribio," alisema. "Nikipendezwa, nitatia sahihi ya mwaka. Nisipopendezwa, nafunga nyumba yangu, na bora ilale panya kuliko kuliwa na watu."

Tukampatia mpangaji, tena si wa kubahatisha. Kampuni ya bima ilikuwa inatafuta jengo la tawi. Mkataba ukaandikwa, Sista akasaini kama mwenye nyumba, sisi tukawa wakala wa kupokea pango kwa niaba yake. Pango la miezi mitatu ni laki tisa, linalipwa kwa mkupuo. Ujira wetu asilimia tano. Nilishangilia mpaka mwenye duka la miwani akapanda kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Wiki mbili baadaye fedha zikaingia benki. Zilikuwa laki nane na elfu kumi.

Wifi aliitazama ile taarifa ya benki, akaivua miwani, akaivaa tena. Elfu tisini hazikuwepo.

"Wifi, tumekwisha," nilisema. "Yule mama atatumeza."

Yeye alikwishainua simu. Alimpigia mhasibu wa kampuni ya bima, akauliza maswali mafupi, akaandika, akashukuru. Kisha akaniambia kwamba hakuna aliyekosea. Kampuni inapolipa pango, sheria inaitaka izuie asilimia kumi na kuipeleka kwenye mamlaka ya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Sisi hatukuwa tumeliona hilo kwa sababu wapangaji wetu wote ni familia na maduka madogo, ambao hawazuii chochote. Bima ndiyo kampuni yetu ya kwanza.

Mimi nikaja na ujanja wangu. Nilimwambia tufidie sisi. Ujira wetu ulikuwa elfu arobaini na tano, tuutoe wote, tuongeze nyingine kama hiyo kutoka mfukoni, Sista apate hesabu yake timilifu na mkataba wa mwaka usainiwe kwa amani.

"Na robo ijayo?" wifi akauliza.

"Robo ijayo Mungu ni mkubwa."

"Wifi, hiyo kodi ni yake. Itakuwa imelipwa kwa jina lake na atapewa cheti chake. Tukiziba lile pengo, hatajua kama cheti kipo. Mwisho wa mwaka atatozwa tena fedha ileile. Tutakuwa tumemwibia kwa wema."

Nikanuna. Hakuona.

Hakutaka kumwambia kwa simu. Alimwomba Sista aje ofisini, na kabla hajafika aliandaa karatasi moja yenye mistari minne: pango zima, kodi iliyozuiwa, ujira wa ofisi, na kinachobaki kwa mwenye nyumba, laki saba na elfu sitini na tano. Akabana na nakala ya taarifa ya benki. Mimi nilijitia kufuta vumbi kwenye ubao wa funguo ili nisikae karibu.

Sista alikuja, akakaa, mkoba mapajani. Wifi akamgeuzia karatasi.

"Mama, kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla sijakupelekea fedha zako. Mpangaji amelipa pango lote la laki tisa kwa mujibu wa mkataba. Lakini iliyoingia benki ni laki nane na kumi. Elfu tisini amezizuia, ni kodi."

Sista hakuitazama karatasi. Alimtazama wifi.

"Wamekata."

"Ndiyo, mama."

"Shemeji naye alikuwa akisema hivyohivyo. Wamekata. Miaka tisa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nifute ufunguo mmoja mara tatu. "Nilikuja hapa nikidhani nimetoka huko, binti."

Niliumia, nakiri. Nilitaka kuruka na kuapa kwa majina yote ninayoyajua. Wifi hakuapa. Alisogeza kiti chake upande wa Sista, wakawa wanaisoma karatasi bega kwa bega.

"Hili usiniamini mimi," alisema. "Sikuombi imani yako. Nitakuonyesha njia ambayo hiyo fedha inapita, na mwisho wake utauona kwa macho yako, kwenye simu yako, bila mimi kuwepo. Ile namba yako ya mlipakodi ya enzi za kazi unayo?"

Sista alifungua mkoba. Namba ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi yake ya zamani ya hospitali.

"Basi sikiliza, mama. Leo hizi elfu tisini bado ziko mikononi mwa kampuni. Wamepewa mpaka siku ya mwisho iliyopangwa mwezi ujao kuzipeleka kwenye mamlaka. Wanapozipeleka, hawapeleki fungu tu. Wanaandika ni za nani, jina na namba, na zimetokana na malipo ya kiasi gani. Malipo yakishapokelewa, mtandao wa mamlaka unatoa cheti. Hicho cheti sikitengenezi mimi, wala kampuni haikichapi yenyewe nyuma ya pazia. Kinatoka na namba yake ya pekee, kinaingia kwenye akaunti yako ya kodi. Kinasema: fulani, namba fulani, alilipwa laki tisa, ikazuiwa elfu tisini, tarehe fulani."

"Halafu kinanisaidia nini? Kukitundika ukutani?"

"Mwisho wa mwaka utapeleka taarifa ya mapato yako. Watapiga hesabu ya kodi yote unayopaswa kulipa kwa pango la mwaka, na vyeti vyako vinatolewa humo, kwa kuwa hiyo umeshalipa. Ikibaki, unamalizia. Ikiwa ulizuiwa zaidi ya unachodaiwa, unadai ziada yako. Bila cheti, ni kama hukulipa kitu."

"Na wakila? Wakizuia wasipeleke?"

"Tarehe ikipita bila cheti, nawaandikia siku hiyohiyo. Wakinyamaza, mimi na wewe tunakwenda kwenye mamlaka na mkataba na hii karatasi ya benki. Atakayeulizwa ni aliyezuia."

Sista akatoa kwenye mkoba kitabu kidogo chenye jalada la buluu, akatazama saa ya ukutani, akaandika huku akisema kwa sauti: "Nimeambiwa kodi imezuiwa, elfu tisini. Saa nne na robo." Ndivyo wanavyoandika wodini, dawa gani, nani, saa ngapi. Miaka kumi tangu astaafu na mkono bado ulikuwa wodini.

Siku ileile wifi alimfungulia akaunti yake kwenye simu. Neno la siri alilichagua Sista mwenyewe, wifi akageuza uso ukutani mpaka alipomaliza kuliandika. Mimi nilicheka. Sista hakucheka, lakini nilimwona akimtazama wifi kisogoni.

Tangu hapo ilikuwa simu kila asubuhi. "Hakijaja." Wifi anajibu, "Bado siku kumi na tisa, mama." Kesho yake, "Hakijaja." "Bado kumi na nane." Wala hakuchoka. Ningekuwa mimi ningeibadilisha namba ya ofisi.

Siku iliyofuata ile ya mwisho, saa nne asubuhi, barua pepe ikaingia ofisini kutoka mamlaka ya kodi. Wifi akatabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana. Akachapa. Akachukua stepla na nakala ya mkataba wa Sista, akaziweka karatasi sawasawa, ncha kwa ncha.

Stepla haikushuka.

"Kuna nini?" nikauliza.

Nikaenda nikasoma juu ya bega lake. Malipo, laki tisa. Kodi iliyozuiwa, elfu tisini. Mpokeaji malipo: ofisi yetu. Namba ya mlipakodi: yetu sisi.

Alivuta faili, akatoa ankara aliyowapelekea kampuni ya bima kudai pango. Ilikuwa kwenye karatasi yenye nembo yetu. Juu ameandika vizuri tu, pango la nyumba ya Sista, jina lake lote. Chini kabisa, palipochapwa anwani na simu, kuna namba ya mlipakodi ya ofisi. Ya Sista haikuwepo popote. Kwa miaka sita ankara zetu zimetoka hivyo na hazijamdhuru mtu, kwa sababu familia na maduka hawaitazami ile namba. Mhasibu wa bima aliitazama, akaipiga kwenye mtandao, ikaja na jina letu, naye akaendelea.

"Ni mimi," wifi alisema. "Nilimweleza yule mama njia nzima, hatua kwa hatua, na mlangoni nimeweka namba yangu."

Uso wake ulikuwa umeshuka hivi kwamba nilisahau kumtania. Kisha akili yangu ikaanza kufanya kazi, na si upande mzuri. Elfu tisini za kodi ya Sista zilikuwa zimeandikwa kuwa tumelipa sisi. Tungenyamaza, mwisho wa mwaka zingepunguza kodi yetu. Sikusema tuzile, jamani, mimi si shemeji. Lakini nilisema jambo la pili kwa ubaya.

"Mwambie mtandao umekwama. Mtandao kila mtu anaamini umekwama. Tunazungumza na bima kimyakimya, wanarekebisha, cheti kipya kinatoka, Sista anakiona, kwisha habari. Kwa nini umtie presha mwanamke wa watu? Keshokutwa ndiyo mwisho wa majaribio, wifi!"

Alikuwa anatafuta kiatu chake chini ya meza.

"Kesho asubuhi atanipigia aseme hakijaja. Nimjibu nini?"

"Kwamba mtandao..."

"Nilimwambia asiniamini. Nikimdanganya kesho, atakuwa alifanya vizuri kutoniamini."

Akachukua cheti, ankara na mkoba. Tukapanda teksi, jambo ambalo wifi hulifanya tu kwa harusi na misiba. Njiani nilihesabu ni nyumba ngapi tungehitaji kupata ili kufidia ile moja. Nilifika sita nikaacha.

Sista tulimkuta sebuleni kwake anakunja mashuka, pembe kwa pembe kama ya kitanda cha hospitali. Chumba kidogo, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Alipotuona wote wawili mlangoni bila kuarifiwa, aliliweka shuka chini.

"Semeni," alisema.

Wifi alisema akiwa amesimama. "Cheti kimetoka, mama. Kodi imelipwa kwenye mamlaka. Lakini kimetoka kwa jina la ofisi yangu na namba yangu, si yako. Kosa limeanzia kwangu." Akampa ankara, akamwonyesha kwa kidole ile namba ya chini. "Kilivyo sasa, kinanifaidi mimi. Wewe hakikusaidii hata senti moja."

Mimi nilitazama sakafu. Nilikosa pa kuuweka uso, na kosa wala halikuwa langu.

Sista alikisoma cheti kuanzia juu mpaka chini, kidole kikifuata mistari. Halafu akaanza kuuliza, moja moja, bila kuinua sauti.

"Kilitoka lini?"

"Leo."

"Wewe umekijua saa ngapi?"

"Saa nne."

Akageuka kuitazama saa yake ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Utanihamishiaje?"

"Siwezi kukuhamishia, mama. Mimi sina uwezo huo, wala cheti hakisahihishwi kwa kalamu. Aliyezuia ndiye anayepeleka maombi ya masahihisho kwenye mamlaka, pamoja na mkataba unaoonyesha kuwa mwenye nyumba ni wewe, na barua yangu inayokiri kuwa pango hili si pato langu. Wakikubali, hiki kinafutwa na kingine kinatolewa kwa namba yako. Inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuzidi. Kesho asubuhi nakwenda kwa mhasibu wao."

"Nakwenda nawe."

"Sawa, mama."

Hakutukaribisha kukaa. Hakutufukuza pia. Alichukua shuka lake akaendelea, nasi tukatoka. Ngazini nilimwambia wifi kwamba huo mkataba tuuage.

"Labda," alisema, na nikaona anapangusa macho kwa kiganja. Miaka sita sikuwahi kumwona hivyo. Nikamshika mkono kama tuko shule ya msingi, tukashuka.

Kesho yake tulikuwa watatu mbele ya mhasibu wa bima. Ni kijana mwenye tai na adabu, meza yake imejaa mafaili mpaka unaona nywele zake tu. Wifi alieleza. Yeye akafungua faili, akaiona ankara, akashusha pumzi.

"Namba niliyoikuta ndiyo hii, dada."

"Ndiyo. Nimeiweka mimi. Nakuletea ankara nyingine yenye namba ya mwenye nyumba, na barua."

"Na mkataba ulikuwa nao?" Sista akauliza.

"Ninao, mama. Huu hapa."

"Jina la mwenye nyumba umelisoma?"

Kijana akaufunua mkataba. "Hapana, mama. Nilitazama ankara peke yake."

Sista akasogea mbele kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Wodini, kabla hujachoma sindano, unauliza jina la mgonjwa, unatazama namba ya kitanda, unatazama jalada. Vitatu vikubaliane. Dawa ya kitanda cha tatu ukiimwagia kitanda cha pili, hurudi kuifyonza."

"Ndiyo, mama."

"Hii ya kwenu afadhali inafyonzeka. Haya, andika."

Aliandika. Sista alisimama nyuma ya kiti chake akitazama skrini, na kila alipopiga namba alimwambia aisome kwa sauti. Aliisoma mara mbili. Nilimhurumia kidogo, lakini nilifurahi zaidi. Maombi yakaenda na viambatanisho vyote, na mtandao ukarudisha namba ya kumbukumbu. Sista akaiandika kwenye kitabu cha buluu, na saa yake.

Zikapita siku kumi na sita. Ya kwanza yake ilikuwa mwisho wa majaribio, ikapita bila neno. Sista hakutia sahihi wala hakuja kudai funguo. Simu ya asubuhi nayo ilikatika. Nilipomwambia wifi kwamba huyo mama anatafuta wakala mwingine, alisema, "Basi nimwandalie faili lake likae vizuri, atakayemrithi asisumbuke." Ndivyo alivyo. Alikaa mchana mzima akipanga karatasi za mteja ambaye labda anaondoka, na pia akapiga chapa ankara zetu zote upya, zenye nafasi ya namba ya mwenye nyumba hapo juu, karibu na jina, palipo wazi. Ile ya ofisi akaipeleka kwenye ankara za ujira wetu, inakostahili.

Siku ya kumi na saba nilisikia hatua ngazini, za pole na za mpango. Sista aliingia akiwa ameinyoosha simu mbele yake.

"Kimekuja," alisema. "Asubuhi saa moja na dakika kumi. Nimekiona mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniambia."

Wifi hakugusa simu. "Kisome, mama."

Akasoma. Jina lake, la kwake na la baba yake. Namba, tarakimu moja moja, bila kuitazama ile kadi ya hospitali, kwani alikwishaikariri. Laki tisa. Elfu tisini. Alipofika mwisho akarudia jina tena.

"Miaka tisa," alisema, "nyumba ile haikutoa karatasi hata moja yenye jina langu. Nilifika mahali nikawa natilia shaka kama ni yangu."

Alikaa chini. Mkoba aliuweka sakafuni, kando ya mguu wa kiti. Nililiona hilo.

Wifi alikichapa cheti kipya, akamkabidhi. Sista akakitazama kwa mkono ulionyooka, kama watu wanavyotazama picha ya mtoto. Kisha akasema, "Na kile cha kwanza?"

"Kimefutwa, mama. Hakina kazi tena. Nilitaka kukichana."

"Nipe."

Wifi akakitoa kwenye faili. Sista akaomba kalamu. Akafungua kitabu cha buluu, akatafuta ukurasa, kisha akainama akaandika pembeni ya kile cheti kilichokosewa, kwa mwandiko wa wodini, wa kusimama na unaosomeka. Aliandika tarehe. Kisha akaandika: *Kimeletwa na mwenyewe, saa sita kasoro robo. Nilikuwa sijauliza.*

"Wasichana wengi wamepita mikononi mwangu," alisema huku akikausha wino kwa pumzi. "Wote hukosea. Dawa ya huyu hupewa yule. Mwingine anaificha chupa chini ya godoro, mwingine anabadilisha jalada, mwingine anakwambia umeme ulikatika." Hapo mimi nikatazama feni. "Mmoja mmoja ndiye anayekuja mbio kunitafuta, anatetemeka. Huyo ndiye niliyekuwa nampa ufunguo wa kabati la dawa."

Akavisukuma vyeti vyote viwili mezani, kile kilichofutwa kikiwa juu.

"Vyote nataka viwe kwenye faili langu. Na mkataba wa mwaka uko wapi, mwanangu? Kalamu tayari ninayo."

Wifi yangu, ambaye hana haraka hata nyumba ikiungua, aliangusha droo nzima akiutafuta. Nikasaidia kuokota. Sista alisaini kurasa zote tatu, akaandika na saa. Kisha wifi akachukua stepla, akaziweka karatasi sawasawa, ncha kwa ncha, akabana. Pini ya kwanza ikaenda upande, akabana tena. Sikumcheka.